Kilo Moja ya Jipsamu na Jua la Saa Mbili: Picha ya Chupa Iliyonitoa Pumzi Bagamoyo

Jamani, hii lazima niiandike ikiwa bado ya moto. Nilipoitwa Bagamoyo kutazama picha ya uzinduzi wa mafuta ya nazi, nilijua nitakachokikuta: chupa imechomekwa mchangani, bahari nyuma, asumini kando, mambo yaleyale. Nikakuta meza moja barazani, karatasi za manila, vijukwaa vitatu na nusu ya kifuu. Basi! Na kile kilichokuwa kwenye skrini ya kamera ni tangazo la kipodozi lililotulia kuliko yote niliyoyaona mwaka huu, ya Dar na ya Nairobi nikiyaweka pamoja.

Bidhaa yenyewe ni chupa ya kioo ya mililita 100, kimo sentimita 13 pamoja na kifuniko cheusi, upana sentimita 4 na nusu. Imesimama juu ya mche duara wa kimo cha sentimita 9. Mbele yake, kushoto kidogo, kuna mche mwingine wa upana uleule lakini mfupi, sentimita 3 tu, na huo umebeba kifuu. Nyuma yao kuna ubao uliokatwa tao, mrefu kuliko vyote, hauna kitu. Huo utupu ndio ulionikamata kwanza. Wengi wetu tukipewa vijukwaa vitatu tunavijaza vyote, na bidhaa tunaipandisha juu kabisa kama mshindi wa mbio. Hapa chupa imepewa kimo cha kati, tao linaikumbatia kwa nyuma, na jicho halina pengine pa kwenda.

Sasa sikilizeni miche hiyo ilivyotengenezwa. Ni bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji taka linalouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, pamoja na unga wa jipsamu wa kupigia dari. Fundi seremala alikata bomba vipande viwili, akakipasua kila kimoja ubavuni kwa msumeno ili kifunguke baadaye, akakifunga kwa gundi ya karatasi na kukipaka mafuta ndani. Kisha, na hapa ndipo penye ujanja wote, akavisimamisha vipande hivyo juu ya kioo cha dirisha na kuziba ukingo wa chini kwa udongo. Upande uliogusa kioo ndio utakaokuwa juu ya kijukwaa. Unatoka bapa, laini, na ukingo wake mkali kama umekatwa na mashine. Ukimimina halafu ukategemea kusawazisha upande wa juu kwa mwiko, utapiga msasa hadi jua litue na mawimbi yataonekana tu.

Maji yanatangulia kwenye ndoo, unga unafuata polepole. Ukigeuza utaratibu unapata mabonge. Kilo 1 ya unga kwa mililita 700 za maji ilitosha miche yote miwili. Bomba linagongwagongwa kwa kiganja ili mapovu yapande, halafu unaacha. Jipsamu hupata joto inaposhika, kwa hiyo usiifungue mpaka ipoe. Kukauka ni habari nyingine, hasa kwa unyevu wa pwani yetu. Fundi ana kipimo chake: anaegemeza kijukwaa shavuni. Kikiwa baridi kuliko hewa, bado kina maji ndani, na rangi utakayopaka itatoka magamba.

Rangi ni ya maji, isiyong'aa kabisa, na ndoo ni moja kwa kila kitu! Kijani kilichofifia, kama mwani uliokaushwa, ule wanaoanika akina mama wa Mlingotini. Manila ya nyuma imepakwa rangi hiyo kama ilivyo. Miche na tao vimepakwa ileile iliyoongezwa nyeupe kidogo. Kwa sababu hiyo vijukwaa vinaonekana bila kupiga kelele. Rangi ya mafuta ingeharibu kila kitu, maana mche unaong'aa unabeba mstari mweupe wa mwanga ubavuni, na mstari huo unashindana na chupa.

Nilimuuliza mpiga picha wazo la nguzo na tao kalitoa wapi, maana mitandao imejaa vijukwaa vya waridi vilivyonakiliwa kutoka Seoul na Paris. Akanijibu kwa swali: "Kaka, Kunduchi umewahi kufika?" Nikacheka, maana nilishaelewa. Kwenye magofu ya Kunduchi, barabara hiihii ya kaskazini mwa Dar, kuna makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo zilizopachikwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Chombo cha thamani juu ya umbo la mawe na chokaa, kikitazamwa na kila apitaye: pwani hii ilikuwa ikifanya hivyo kabla ya kamera kubuniwa. Na tao lake kalichukua kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya kauri. Kalikata bapa na pana makusudi, lisije likafanana na mihrabu. Hilo nalipigia makofi. Wapo watakaoona ni jambo dogo, lakini mteja wa Bagamoyo ataliona kabla hajasoma lebo.

Tuje kwenye jua, maana hapa ndipo nilipopiga kelele. Ufuko wa Bagamoyo unatazama mashariki, jua linapanda kutoka baharini, na baraza ilikuwa wazi upande huo. Saa mbili asubuhi kivuli cha kitu huku kinakuwa kirefu kama mara mbili ya kimo chake. Saa tatu kimeshapungua hadi kuzidi kimo kidogo tu. Saa sita na nusu, hasa Machi na Oktoba jua linapopita karibu kabisa na utosi, kivuli kinajikunja chini ya chupa na picha inakufa. Kwa hiyo walikuwa na nusu saa ya maana, na kila kitu kilikuwa kimeshapangwa tangu usiku kwa tochi ya simu.

"Fundi, hebu kisogeze kile kifupi mbele."

"Hapa, dada?"

"Hapohapo. Usipumue."

Na kivuli kikafanya kazi yake. Kilianzia miguuni mwa chupa, kikavuka duara la juu, kikavunjika ukingoni, kikadondoka chini na kupanda tena juu ya mche mfupi. Ngazi ya vivuli! Hilo huwezi kulipata mezani patupu. Ni zawadi ya vimo tofauti. Halafu nikaona jambo lililonifanya nishike kichwa: katikati ya kivuli kulikuwa na mstari wa mwanga. Chupa ya mviringo iliyojaa mafuta safi inakuwa lenzi, inakusanya jua na kulimwaga nyuma yake. Kwenye rangi ile ya mwani, mstari ule ulikuwa unawaka wenyewe. Hakuna taa iliyoongezwa, hakuna kilichochorwa kwenye kompyuta.

Lakini mstari huo una masharti. Mafuta ya nazi huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Chupa ya kwanza ilitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, ikawa na wingu jeupe chini, na mwanga haukupita hata kidogo. Mpiga picha aliitumbukiza kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, shingo ikiwa nje ili lebo ya juu isilowe, na wingu likayeyuka mbele ya macho yetu. Ikafutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ikashikwa kwa glavu mpaka ikakaa mahali pake. Alama ya kidole kwenye kioo, kwenye jua la pembeni, inaonekana kuliko jina la bidhaa.

Kamera ilikuwa mita 1 na robo kutoka kwenye chupa, lenzi ndefu, tundu f/11, katikati ya lenzi ikiwa karibu usawa wa kifuniko. Kimo hicho si cha kubahatisha. Ukishuka hadi usawa wa kijukwaa, duara la juu linapotea na chupa inakuwa imebandikwa kwenye ukuta. Ukipanda sana, duara linafunguka kama sahani, ubavu wa chupa unalala kuelekea chini na mtazamaji anahisi itaanguka. Hapo walipoiweka, duara linaonekana kama ukanda mwembamba wa yai, kiasi cha jicho kujua kwamba kuna mahali pa kusimamia. Upana nao umepimwa: kijukwaa ni mara mbili na ushee ya chupa. Kingekuwa chembamba zaidi, chupa ingeonekana imesimama juu ya kigingi.

Kulikuwa na kipande cha kuti kilichoandaliwa ili kitupie kivuli nyuma. Niliogopa, maana kivuli cha kuti kimeshachosha. Walikijaribu karibu na manila, kikatoka kikali kama kimekatwa kwa mkasi, kikaivuruga lebo. Wakakirudisha nyuma. Kwa jua, kila mita 1 ya umbali ukingo wa kivuli hutawanyika kwa karibu sentimita 1, kwa hiyo mita 3 nyuma kilikuwa pumzi tu. Mwisho walikitoa kabisa, na walifanya vizuri.

Kasoro? Zipo. Mche mrefu haukuzibwa kwa vanishi, na tone moja la mafuta liliacha duara jeusi ambalo halifutiki. Jipsamu inanywa mafuta kama mchanga unavyokunywa mvua. Ilibidi kijukwaa kizungushwe upande wa pili na doa lifichwe chini ya chupa. Tabaka mbili za vanishi isiyong'aa zingemaliza habari hiyo mapema. Pia vumbi jeupe lilitua kwenye kifuniko cheusi kila mche uliposogezwa, na brashi ya kujipodoa ikawa haipumziki. Na mwenye bidhaa akumbuke: lebo iliyo kwenye picha ya uzinduzi iwe ileile iliyosajiliwa TBS, ambako usajili wa vipodozi ulihamishiwa mwaka 2019. Neno moja likibadilika kwenye lebo baada ya picha, kazi yote inarudiwa.

Hukumu yangu: tisa kwa kumi, na ile moja nimeikata kwa sababu ya vanishi. Theluthi ya juu ya picha imeachwa wazi kwa ajili ya jina na tarehe, chupa inasomeka hata kwenye skrini ya simu, na kila kitu kilichomo, toka bomba hadi kifuu, kimepatikana palepale mjini. Wenye sabuni za mwani, wenye liwa, wenye singo, tafuteni seremala wa karibu na kilo 1 ya jipsamu kabla hamjaagiza seti za plastiki kutoka nje. Ila msiende kusimamisha chupa zenu juu ya makaburi ya Kaole wala Kunduchi. Magofu hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mafuta yakimwagika kwenye jiwe la chokaa, hakuna wa kuligeuza upande wa pili.