Swali Bora la Dadu Hupimwa kwa Majibu Yake ya Makosa

Tuanze na swali ambalo karibu kila mtunga maswali ya uwezekano hulitumia. Sarafu isiyo na hila imerushwa mara tano na mara zote ikatoka kichwa. Mara ya sita, kipi kina uwezekano mkubwa zaidi: kichwa, mkia, au vyote ni sawa? Nia ya swali ni kumfichua anayeamini kwamba mkia sasa ni zamu yake, imani inayojulikana kama kosa la mcheza kamari. Kwa huyo linafanya kazi, kwa sababu atachagua mkia bila kusita. Udhaifu wake uko kwa wale wanaochagua "sawa". Mmoja ameelewa kweli kwamba mirusho iliyopita haiwezi kuugusa mrusho ujao. Mwingine amekariri kwamba sarafu haina kumbukumbu, na hajui kauli hiyo inatoka wapi. Wa tatu anaona kwamba jambo lolote la bahati ama litakuwa ama halitakuwa, basi ni nusu kwa nusu. Wote watatu wanapewa alama ileile, na mwalimu anaondoka akidhani darasa limeelewa. Mwaka 1993 Clifford Konold na wenzake, watafiti wa Marekani, walionyesha jinsi alama hizo zinavyodanganya. Waliwauliza wanafunzi ni mfuatano upi wa mirusho mitano ya sarafu wenye uwezekano mkubwa zaidi, na wengi wakajibu kwamba yote ni sawa. Kisha wakawauliza ni upi wenye uwezekano mdogo zaidi, na wengi katika haohao wakachagua mmoja, ilhali kama yote ni sawa hakuna wa kuchaguliwa.

Kwa hiyo kipimo cha ubora ni hiki: kila fikra potofu ipate jibu lake yenyewe, na jibu sahihi lisifikiwe kwa njia ya makosa. Hapa ndipo dadu inapoishinda sarafu. Kwa sarafu, nusu ni jibu la anayejua na pia la anayebahatisha. Kwa dadu, jibu la anayejua ni moja ya sita, na hakuna anayeliokota njiani kwa kusema "ama liwe ama lisiwe". Angalia swali hili la ludo: Asha anahitaji sita ili atoe kete yake ya kwanza. Amerusha dadu mara nane bila kuipata. Uwezekano wa kupata sita katika mrusho wa tisa ni upi? Majibu ya kuchagua ni 1/6, 1/2, 0.81 na 0.04. Anayechagua 1/2 ndiye yule wa nusu kwa nusu, na sasa anaonekana. Anayechagua 0.81 amekokotoa uwezekano wa kupata sita angalau moja katika mirusho tisa. Hesabu yake haina kosa, ila inajibu swali ambalo lingeulizwa kabla ya Asha kuanza kurusha. Huyu ndiye mcheza kamari aliyesoma, ambaye imani yake kwamba sita imekaribia imevaa kanuni ya hesabu, na swali la sarafu lisingempata kamwe. Anayechagua 0.04 amezidisha mirusho yote tisa, nane isiyo na sita na mmoja wenye sita, kana kwamba ile minane bado haijatokea. Majibu mawili haya ya mwisho yana chanzo kimoja, nacho ni kutotofautisha uwezekano wa mlolongo mzima na uwezekano wa hatua moja baada ya nyingine kujulikana. Anayesahihisha akiyaona anajua papo hapo somo lijalo lianzie wapi.

Hata hivyo sarafu haipaswi kutupwa, mradi iulizwe namna nyingine. Tuseme sarafu isiyo na hila itarushwa mara 100, na mara sita za mwanzo zimetoka kichwa zote. Kwa wastani, tutarajie vichwa vingapi kwa jumla? Jibu ni 53: sita vilivyokwishapatikana, pamoja na nusu ya mirusho 94 iliyobaki, yaani 47. Anayejibu 50 anadai, bila kujua, kwamba katika ile 94 vichwa vitakuwa 44 na mikia 50, na kwamba sarafu itajirekebisha ili kulipa. Uzuri wa swali hili ni kwamba hakuna mahali pa kuandika "sawa", na kauli iliyokaririwa haisaidii. Lina mzazi wake: mwaka 1971 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza fikra hiyohiyo kwa mfano wa watoto 50 wanaopimwa akili. Wastani wa kawaida ni 100, na mtoto wa kwanza amepata 150. Wastani wa kutarajiwa kwa wote 50 ni 101, lakini wengi hushikilia 100.

Mtu anaweza kupinga kwamba jibu la 50 lina haki yake, kwa kuwa tunafundisha wenyewe kwamba sarafu ikirushwa mara nyingi vichwa hukaribia nusu. Hoja hiyo ndiyo inayolifanya swali kuwa na thamani. Endeleza mirusho hadi 1,000: vichwa vya kutarajiwa ni 503, yaani asilimia 50.3, baada ya kuwa asilimia 53 kwenye mirusho 100. Uwiano umeisogelea nusu, lakini vile vitatu vya ziada bado vipo. Havikulipwa na mikia, vimezidiwa tu na wingi wa mirusho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: anayeona vichwa ishirini mfululizo ana haki ya kuishuku sarafu, na akisema kichwa kitatoka tena, yeye ndiye mwenye akili. Ni kweli. Mfululizo wa namna hiyo hutokea mara moja tu katika zaidi ya milioni moja, na kuandika "isiyo na hila" hakuondoi shaka hiyo. Mtunga swali makini hutumia mfululizo mfupi. Mirusho nane bila sita hutokea karibu mara moja katika kila nne, na vichwa sita mara moja katika 64, hivyo hakuna sababu ya kuilaumu dadu wala sarafu.

Pingamizi la tatu ni kwamba maswali haya yatamzoesha mwanafunzi kupuuza yaliyopita kila mara. Dawa yake ni swali pacha. Mfukoni mna shanga tano nyekundu na tano nyeupe, na nyekundu tatu zimetolewa bila kurudishwa. Hapa yaliyopita yana uzito, kwani uwezekano wa nyeupe sasa ni 5/7. Shanga zikirudishwa kila mara, unabaki nusu. Karatasi isiyo na jozi kama hii haipimi kama mtu anajua matukio huru ni yapi. Inapima utii wake kwa kauli moja tu.

Basi kabla ya kulipeleka swali darasani, andika kando ya kila jibu fikra inayolizaa. Jibu lisilo na fikra nyuma yake liondoe, maana linajaza nafasi tu. Jibu sahihi likiwa na fikra mbili, andika swali upya.