Nukta Tatu na Pasi ya Mkaa

Shati la mtumba linalouzwa Karatu mara nyingi huwa na lebo nyeupe ndani ya kola, na kwenye lebo kuna mchoro mdogo wa pasi wenye nukta moja, mbili au tatu. Pasi ya umeme ina nukta hizo hizo kwenye kitufe chake cha kuzungusha, kwa hiyo kazi ni kulinganisha tu. Pasi ya mkaa haina kitufe wala nukta. Na bado inanyoosha nguo nyingi huku juu: majumbani siku umeme unapokatika, kwa madobi, na katika kambi za watalii zinazotegemea umeme wa jua, kwa sababu pasi moja ya umeme hula wati 1,000 hadi 2,000, mzigo unaomaliza betri haraka kuliko taa zote za kambi.

Swali la mpiga pasi wa Karatu au Ngorongoro ni hili: nukta zilizoandikwa kwa ajili ya kitufe atazifuataje kwenye chuma kilichojaa makaa?

Kwa miaka mingi nukta hizo zimesimamia joto la juu kabisa ambalo bamba la pasi linaruhusiwa kufikia. Nukta moja imekuwa nyuzi 110 za Selsiasi, mbili 150, tatu 200. Pamba na kitani hupewa tatu. Sufu na vitambaa vingi vya mchanganyiko wa pamba na poliesta hupewa mbili. Akriliki na nailoni hupewa moja. Hariri huwekewa moja au mbili, kutegemea kitambaa na rangi yake.

Tofauti hiyo inatokana na namna kila uzi unavyoharibika. Pamba haiyeyuki. Ikizidiwa na joto hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha hukatika ikivutwa. Hariri ni protini, kama nywele, na huanza kugeuka manjano na kukakamaa mapema zaidi. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzi 250, lakini madhara huanza mbali chini ya hapo: nyuzi hulainika, uzito wa pasi unazilaza bapa, na kitambaa kinabaki na mng'ao usiotoka hata kikifuliwa mara ngapi. Ndiyo maana suruali nyeusi ya mchanganyiko hung'aa kwenye mishono na mifukoni, mahali ambapo kitambaa ni kinene na pasi imegandamizwa zaidi.

Hata pasi ya umeme haikai kwenye nyuzi moja. Kidhibiti joto chake hukata umeme bamba likipata moto na kuurudisha likipoa, hivyo joto hupanda na kushuka muda wote. Inapowashwa mara ya kwanza huweza kuruka juu ya kiwango kilichowekwa kabla ya kutulia. Anayeanza kupiga pasi blauzi ya hariri mara tu taa ya pasi inapozimika kwa mara ya kwanza anaigusisha na bamba lililo moto kuliko nukta inavyosema. Ni salama zaidi kusubiri iwake na kuzimika tena.

Pasi ya umeme hupata moto kwa dakika chache lakini hupoa polepole. Kwa sababu hiyo fundi huanza na nguo za nukta moja, akapanda hadi mbili, akamalizia na tatu. Pasi ya mkaa inadai mpango wa kinyume. Makaa yakishakolea, pasi huwa kwenye joto lake la juu, kisha majivu huyafunika na joto hushuka lenyewe. Hivyo pamba hutangulia, mchanganyiko hufuata, hariri baadaye, na akriliki mwisho kabisa. Mtu akiufuata mpangilio wa umeme kwenye mkaa, atakuwa ameweka nguo dhaifu chini ya pasi kali.

Joto lenyewe husomwa kwa tone la maji kwenye bamba. Tone likitokota taratibu na kuchukua muda kukauka, bamba limepita kidogo tu kiwango cha maji kuchemka, na hapo ndipo nukta moja ilipo. Likitoa mlio na kutoweka papo hapo, joto limeingia kwenye nukta mbili au tatu. Likijiviringa na kukimbia juu ya chuma bila kukauka, joto liko kwenye nyuzi 200 hivi au zaidi, na hata pamba kavu haipaswi kuguswa. Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kwenye ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi, huchemka karibu na 92. Kipimo cha tone kinasogea chini kwa nyuzi chache tu, kwa hiyo bado kinafaa.

Tone haliwezi kutenganisha nukta mbili na tatu. Hapo kinahitajika kitambaa cheupe cha pamba, kikavu. Pasi huwekwa juu yake ikae kwa hesabu ya kumi. Kikigeuka manjano, pasi inapunguzwa makali: matundu yanazibwa au makaa machache yanatolewa. Kikibaki cheupe, suruali ya pamba inaweza kuanza.

Chukua kapu moja la nguo za kambini: suruali ya kaki ya pamba, shati la muongoza watalii lenye poliesta asilimia 65 na pamba 35, skafu ya hariri ya mgeni, na shuka la Kimaasai. Suruali hunyunyiziwa maji kwanza. Kitambaa kikiwa na unyevu, joto jingi huishia kugeuza maji kuwa mvuke, na uzi haupandi sana juu ya kiwango cha kuchemka. Hatari huanza dakika ile kinapokauka, kwa hiyo pasi haisimami mahali pamoja, hasa kama suruali imetiwa wanga, kwani wanga huungua kabla ya pamba. Shati hufuata likiwa limegeuzwa ndani nje, na pasi hujaribiwa kwanza kwenye pindo la chini. Pasi ikianza kukwama badala ya kuteleza, ni moto mno kwa poliesta. Skafu nayo hugeuzwa, ikiwa na unyevu uliosambaa sawasawa, kwa sababu matone yaliyotawanyika huacha madoa kwenye hariri.

Kabla ya kila nguo, matundu yanakung'utwa mbali na meza. Cheche moja inayopeperushwa na upepo hutoboa shati, na tundu hilo halina uhusiano wowote na nukta.

Shuka ndilo gumu zaidi, kwa kuwa mengi yanayouzwa siku hizi ni ya akriliki na mara nyingi hayana lebo. Uzi mmoja ukichomolewa pembeni na kuchomwa hutoa jibu. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Akriliki huacha donge gumu jeusi. Likithibitika kuwa akriliki, shuka hupigwa pasi makaa yakiwa yamefifia, kwa kitambaa kikavu cha pamba katikati. Kitambaa hicho hakiloweshwi: akriliki ikipata joto pamoja na unyevu hulegea na kuvutika, na shuka lililovutika hivyo halirudi katika umbo lake.