Sifa za Ufundi wa Kubana Folda

Anayebana folda ili kuiweka akiba hukutana na namba moja inayovutia macho kuliko nyingine zote, nayo ni kiwango. Katika zip namba hiyo huishia 9, katika xz vilevile, na katika zstd huenda hadi 19, au 22 ukiongeza neno `--ultra`. Ni rahisi kuamini kwamba namba kubwa ndiyo kazi bora, na kwamba mtu anayetaka kifurushi kidogo hana la kufanya zaidi ya kuisukuma hadi mwisho na kusubiri. Hoja yangu ni kwamba ufundi wenyewe huanza pale mtu anapoiweka namba hiyo kando kwa muda na kujiuliza mambo mawili: vitu vinavyojirudia ndani ya folda hii vimeachana umbali gani, na kifurushi kitakuja kufunguliwa na nani, mara ngapi? Majibu ya maswali hayo huamua mengi kuliko kiwango, na ndiyo yanayoifanya kazi hii iwe ya kufikiri.

Programu zote tatu zinasimama juu ya wazo ambalo Abraham Lempel na Jacob Ziv walilichapisha mwaka 1977. Kitu kikishaandikwa mara moja, hakuna haja ya kukiandika tena. Inatosha kuagiza kwamba msomaji arudi nyuma baiti kadhaa na anakili kutoka pale urefu fulani. Agizo kama hilo huchukua nafasi ndogo kuliko maneno yenyewe, na hapo ndipo akiba inapopatikana. Lakini programu haikumbuki kila ilichokipitia. Ina dirisha, yaani umbali wa mwisho inaoweza kurudi nyuma, na kilichotoka nje ya dirisha ni kama hakijawahi kuwapo. Phil Katz, aliyetoa PKZIP mwaka 1989, alitumia kompyuta za wakati wake, zenye kumbukumbu ndogo, na mbinu ya Deflate iliyozoeleka ndani ya zip ina dirisha la kilobaiti 32 tu. Kiwango cha 9 hakilipanui dirisha hilo hata kwa baiti moja. Kinachofanya ni kupekua kwa bidii zaidi ndani ya nafasi ileile. Isitoshe, zip hubana kila faili peke yake, kwa hiyo faili la pili halifaidiki chochote na yaliyokwisha kusomwa katika la kwanza. Kwa xz, dirisha ni megabaiti 8 katika kiwango cha kawaida cha 6, na megabaiti 64 katika kiwango cha 9. Kwa zstd, kiwango cha 19 kina dirisha la megabaiti 8.

Tofauti hizi zinaweza kuonekana waziwazi kwa jaribio ambalo yeyote mwenye Linux anaweza kulirudia. Tunatengeneza faili la megabaiti 40 lililojaa baiti za kubahatisha, ambazo hazibaniki kabisa, kisha tunalinakili. Jumla ni megabaiti 80, na kitu pekee kinachojirudia ni kwamba nusu ya pili inafanana na ya kwanza, umbali wa megabaiti 40 nyuma.

```
head -c 40000000 /dev/urandom > a.bin
cp a.bin b.bin
tar cf jozi.tar a.bin b.bin
zip -9 jozi.zip a.bin b.bin
xz -6 -c jozi.tar > jozi6.tar.xz
xz -9 -c jozi.tar > jozi9.tar.xz
zstd -19 jozi.tar -o jozi19.tar.zst
zstd -3 --long=27 jozi.tar -o jozi3.tar.zst
```

Kifurushi cha zip kitabaki megabaiti 80, kwa sababu hakuna faili lililomwona mwenzake. Cha `xz -6` kitabaki 80 pia, kwa kuwa dirisha la megabaiti 8 haliufikii umbali wa 40. Cha `xz -9` kitashuka hadi 40. Kinachofundisha zaidi ni mistari miwili ya mwisho. `zstd -19` itatoa jasho kwa muda mrefu na kurudi na megabaiti 80, huku `zstd -3 --long=27` ikimaliza upesi sana na kuleta 40. Chaguo la `--long=27` linapanua dirisha hadi megabaiti 128, na kuipa programu njia nyepesi ya kutafuta marudio ya mbali. Kiwango cha chini chenye dirisha pana kimekishinda kiwango cha juu chenye dirisha jembamba, kwa ukubwa na kwa muda, katika folda ileile.

Inaweza kusemwa kwamba hakuna mtu anayehifadhi baiti za kubahatisha. Ni kweli, lakini umbo la jaribio hili limejaa katika folda za kazi: matoleo mawili ya mradi mmoja yaliyokaa katika folda ndogo mbili, nakala ya hifadhidata ya kila wiki, ripoti ya Machi iliyotokana na ya Februari. Folda za namna hiyo zina marudio mengi yaliyotengana kwa makumi ya megabaiti. Na kwa kuwa tar hupanga mafaili kwa mfuatano inaoukuta kwenye diski, mtu anaweza kuupunguza umbali wenyewe kabla ya kubana. Mafaili ya aina moja yakiwekwa jirani, hata dirisha la megabaiti 8 huona mengi. Kazi hiyo ya kupanga haina kiwango chochote, nayo naiona kuwa sehemu ya ufundi inayostahili heshima kuliko sehemu zote, maana inamlazimu mtu aijue folda yake.

Hapa mtetezi wa xz ana haki ya kuniuliza: ikiwa `xz -9` ina dirisha pana na bado inabana maandishi kwa ukaribu kuliko wengi, kwa nini tusiitumie siku zote? Kubana ni mara moja, tusubiri, yaishe. Hoja hii ina nguvu, ila inamsahau anayefungua. Kubana hufanyika mara moja, lakini kufungua kunaweza kufanyika mara elfu. Mfano ulio wazi ni wa Arch Linux, ambao mwishoni mwa 2019 walihamisha vifurushi vyao kutoka xz kwenda zstd, wakitumia kiwango cha 20. Walipotangaza mabadiliko hayo Januari 2020 walieleza kwamba jumla ya ukubwa wa vifurushi iliongezeka kwa takriban asilimia 0.8, na kasi ya kuvifungua ikapanda kwa takriban asilimia 1300. Walikubali kupoteza kidogo sana upande mmoja ili mamia ya vifurushi yafunguke upesi katika kila kompyuta inayosasishwa.

Sababu ya pengo hilo iko katika hatua ya mwisho ya kubana. xz huandika alama zake kwa kukadiria uwezekano wa kila biti kutokana na zilizotangulia, na anayefungua hana budi kuzifuata biti hizo moja baada ya nyingine, kwa sababu hawezi kuijua ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza. Prosesa yenye kasi hujikuta ikisubiri. Yann Collet, aliyeitengeneza zstd na kutoa toleo lake la 1.0 mwaka 2016 akiwa Facebook, alitumia majedwali yanayotokana na nadharia ya Jarek Duda, hivyo anayefungua husoma jibu kwenye jedwali badala ya kupiga hesabu ya kila biti. Zaidi ya hayo, zstd hufunguka kwa kasi inayokaribiana iwe imebanwa kwa kiwango cha 3 au cha 19. Taabu yote inabebwa na anayebana, na huo nauona kuwa uungwana katika ubunifu wenyewe.

Hata hivyo, xz haijashindwa kila mahali. Tuseme folda ya megabaiti 1,000 imekuwa 200 kwa xz na 215 kwa zstd, na kompyuta ya mpokeaji inafungua xz kwa megabaiti 80 kwa sekunde na zstd kwa 1,000. Kufungua xz kutachukua sekunde 12.5, na zstd sekunde 1. Mpokeaji anayepakua kwa megabaiti 10 kwa sekunde ataokoa sekunde 1.5 za kupakua kwa kuchagua xz, kisha apoteze 11.5 katika kufungua. Lakini anayepakua kwa megabaiti 1 kwa sekunde ataokoa sekunde 15, kwa hiyo xz inamfaa. Mpaka kati yao uko karibu na megabaiti 1.3 kwa sekunde. Na kama mpokeaji analipia bando, megabaiti 15 hizo ni pesa yake, na sekunde chache za prosesa hazimgharimu kitu. Namba hizi nimezichagua kwa ajili ya hesabu. Mwenye folda halisi apime zake, kwani mpaka husogea kila aina ya data inapobadilika.

Zip nayo ina utetezi usiohusu ukubwa. Hufunguka katika Windows, Mac na simu nyingi bila kusakinisha chochote, na orodha ya mafaili iliyo mwishoni mwake humwezesha mtu kuchomoa hati moja bila kugusa nyingine. Katika tar iliyobanwa nzima, kulipata faili la mwisho kwa kawaida ni kufungua yote yaliyotangulia, na doa moja la uharibifu linaweza kuyapoteza yanayofuata. Katika zip, uharibifu wa faili moja kwa kawaida huishia hapo hapo. Folda ikijaa picha za JPEG na video, hakuna programu kati ya hizi itakayopunguza cha maana, maana data hiyo imekwisha kubanwa. Hata faili la `docx` ni zip kwa ndani. Kwa folda kama hiyo, `zip -0`, inayofunga bila kubana, ndiyo chaguo la mtu anayejua anachofanya, na kuiendesha `xz -9` juu yake ni kuchosha mashine bure.

Dirisha pana nalo lina gharama inayomwangukia mwingine. `xz -9 -T1` huhitaji takriban megabaiti 674 za kumbukumbu ya kompyuta wakati wa kubana, na 65 wakati wa kufungua. zstd hufungua bila kuuliza hadi dirisha la megabaiti 128. Ukibana folda iliyozidi megabaiti 128 kwa `--long=30`, mpokeaji akitumia `zstd -d` peke yake atapata ujumbe wa kosa, na hataweza kuendelea mpaka naye aongeze chaguo kama `--long=30`. Agizo hilo lapaswa kuandikwa katika jina la faili au katika maelezo yanayoambatana nalo, kwa sababu anayefungua baada ya miaka mitano hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Na kabla folda ya asili haijafutwa, kifurushi kipimwe kwa `zstd -t --long=30`, kisha kilinganishwe faili kwa faili na kilichopo kwenye diski:

```
zstd -dc --long=30 folda.tar.zst | tar -df -
```

Amri hiyo isipotoa neno lolote, kila faili lililomo ndani ya kifurushi linalingana na lililo kwenye diski. Ila haitataja faili lililoachwa nje wakati wa kufunga, kwa hiyo orodha ya `tar -t` nayo ihesabiwe dhidi ya ile ya `find`, ndipo folda ifutwe.