Swali Linalojibika Bila Kusoma: Uhakiki wa Maswali ya Ufahamu Yatokanayo na Habari za Magazeti

Imezoeleka kusisitizwa kwamba habari ya ufahamu ichukuliwe katika mazingira ya mwanafunzi. Makala haya hayapingi msimamo huo, ila yanahoji jambo moja linalopuuzwa: kadiri mwanafunzi anavyoijua mada, ndivyo anavyoweza kujibu maswali bila kuisoma habari yenyewe. Jambo hili si geni. Mwaka 1990, Katz na wenzake walionyesha kuwa wanafunzi wa Marekani waliweza kujibu maswali ya ufahamu ya mtihani wa SAT bila kupewa vifungu, kwa kiwango kilichozidi kile cha kubahatisha.

Tuchukue mfano wa darasa la sekondari katika kata ya Sapiwi, Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, ambako pamba ni zao la nyumbani. Kifungu kifuatacho nimekitunga kwa mtindo wa habari za magazeti:

“Msimu wa ununuzi wa pamba umefunguliwa. Viongozi wamevitaka vyama vya msingi vya ushirika kuhakiki mizani kabla ya kupokea mzigo. Wamesema mkulima atakayekutwa ameinywesha pamba yake atawajibishwa sawa na karani atakayechezea mizani. Hadi jana jioni vituo viwili vilikuwa havijapokea fedha, ingawa wakulima walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri.”

Mtunzi wa maswali huvutiwa haraka na swali hili: “Kwa nini ni kosa kuinywesha pamba?” Kwa sura yake, hili ni swali la ung'amuzi, kwa kuwa kifungu hakisemi popote kwamba maji huongeza uzito. Hata hivyo, mtoto wa mkulima wa Sapiwi analijibu kwa yale aliyoyaona nyumbani kwao, ilhali mwenzake wa mjini anakosa ingawa amesoma kwa makini. Swali limepima malezi, halikupima usomaji.

Upande wa msamiati, maelekezo yaliyozoeleka humtaka mwanafunzi aeleze maana ya neno “kama lilivyotumika katika habari”. Maelekezo hayo hayana kazi iwapo neno lililochaguliwa lina maana ileile popote litumikapo. Neno “alfajiri”, kwa mfano, litajibiwa sawasawa hata likisimama peke yake. Neno “atawajibishwa” ni tofauti. Anayefuata mnyumbuliko pekee, kutoka “wajibika” hadi “wajibisha” na “wajibishwa”, anaweza kuandika “atapewa wajibu”. Anayesoma sentensi nzima anaona kwamba anayetajwa amekutwa na kosa na kwamba analinganishwa na karani mdanganyifu. Hivyo anajibu “ataadhibiwa” au “atachukuliwa hatua”. Majibu hayo mawili yanatenganisha aliyesoma na asiyesoma, na hiyo ndiyo sababu ya kulichagua neno hilo.

Ung'amuzi nao unapaswa kuning'inizwa kwenye umbo la lugha lililomo katika kifungu. Napendekeza swali hili: “Je, kwa mujibu wa habari hii, matumaini ya vituo viwili kupata fedha yalikuwa yamekwisha? Thibitisha.” Jibu ni hapana. Kiambishi -ja- katika “havijapokea” kinaonyesha kuwa tendo halijatimia lakini bado linatarajiwa; kama mwandishi angesema “havikupokea”, tarajio hilo lisingekuwamo. Mazoea ya nyumbani hayatoi jibu hili. Mkulima aliyewahi kucheleweshewa malipo huenda hata akajibu kinyume, kwa uchungu wa yaliyompata. Hapo ndipo tunapoweza kubaini iwapo mwanafunzi amefuata matini au kumbukumbu zake.

Swali la namna hii lina udhaifu wake: asiyejua chochote ana nafasi moja kati ya mbili ya kuotea “hapana”. Kwa hiyo alama zigawanywe: alama 1 kwa hitimisho na alama 1 kwa ushahidi, na hitimisho lisilo na ushahidi lisipewe kitu. Mwanafunzi asilazimishwe kutaja istilahi ya kisarufi; kunukuu “havijapokea” na kueleza kuwa fedha zilikuwa bado zikisubiriwa kunatosha. Vinginevyo swali la ufahamu litageuka kuwa swali la sarufi.

Njia ya kuhakiki ni nyepesi. Kabla ya kuyatumia maswali, mwalimu ayatoe bila kifungu kwa mkondo mwingine wa kidato hichohicho, wenye wanafunzi wa mazingira yaleyale. Swali linalojibiwa vizuri na wengi liondolewe au litungwe upya. Mkondo huo lazima uwe wa palepale, kwa sababu swali la pamba litakaloonekana gumu Dar es Salaam linaweza kuwa halipimi chochote Sapiwi. Habari ya pamba ibaki darasani. Kinachopaswa kubadilika ni swali.