Kijani kilichodanganya: daftari la sevisi ya jenereta

Kituo cha kupozea maziwa kikikosa umeme, jenereta ndiyo inayolinda tangi. Nilipotengeneza daftari la sevisi la kituo kimoja kwenye kompyuta, nilidhani kazi ngumu ingekuwa fomula. Kumbe fomula ni chache. Kazi ilikuwa kulizuia daftari lisiseme "sawa" wakati halijui hali ya mashine.

Daftari lina karatasi tatu. Ya kwanza, Saa, mlinzi anajaza tarehe na namba anayoisoma kwenye mita ya saa ya jenereta. Ya pili, Sevisi, fundi anaandika alichofanya, siku gani, na mita ikiwa saa ngapi. Karatasi ya tatu, Ratiba, haiandikwi historia yoyote: ina mstari mmoja kwa kila kazi, vipindi vyake, na hesabu. Nimeitenga kwa makusudi. Fundi akiwa anafuta tarehe ya zamani ili kuweka mpya, baada ya mwaka hakuna anayejua oili ilibadilishwa mara ngapi.

Kwa oili na filta yake, kitabu cha jenereta ile kinataka saa 250 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Oili huchakaa kwa kazi, lakini pia huharibika kwa kukaa, hasa injini inapowashwa kwa dakika chache tu na unyevu usipate joto la kuukausha. Kwa hiyo kila mstari wa Ratiba unahesabu mara mbili:

```
E2: =MAXIFS(Sevisi!D:D,Sevisi!B:B,A2,Sevisi!C:C,B2)
F2: =MAXIFS(Sevisi!A:A,Sevisi!B:B,A2,Sevisi!C:C,B2)
G2: =MAXIFS(Saa!D:D,Saa!B:B,A2)
H2: =C2-(G2-E2)
I2: =D2-(TODAY()-F2)
```

A ni mashine, B ni kazi, C ni saa 250 na D ni siku 180. E na F zinatafuta sevisi ya mwisho, G ni saa za sasa, H na I ni zilizobaki. Mwanzoni alama ilitegemea H na I peke yake: mojawapo ikishuka chini ya sifuri, seli inakuwa nyekundu.

Oili ilibadilishwa tarehe 12 Januari 2025, mita ikiwa 1,840. Tarehe 28 Machi mlinzi alisoma 2,050, maana yake saa 40 zilibaki, seli ikawa ya kijani. Kisha mlinzi akaenda likizo na hakuna aliyeshika zamu ya kusoma mita. Umeme ukawa wa kukatika kila siku. Fundi alipofika tarehe 20 Aprili, mita ilikuwa 2,142: sevisi imepitwa na saa 52, oili nyeusi, na kwenye kompyuta seli bado ya kijani. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila ilihesabu namba ya siku 23 zilizopita.

Niliongeza safu ya umri wa usomaji, na alama ikabadilika:

```
K2: =TODAY()-MAXIFS(Saa!A:A,Saa!B:B,A2)
J2: =IF(OR(H2<0,I2<0),"IMEPITA",IF(K2>7,"SOMA MITA",
    IF(OR(H2<=25,I2<=14),"KARIBU","SAWA")))
```

Mpangilio wa maneno hayo una sababu. Mita hairudi nyuma, kwa hiyo kilichopita kwa usomaji wa zamani kimepita hata leo. IMEPITA inaweza kutangulia bila wasiwasi. SAWA na KARIBU, kinyume chake, zinaaminika tu kama usomaji ni mpya, ndiyo maana SOMA MITA inazizuia.

Baada ya sevisi ile iliyochelewa, fundi alitaka inayofuata iwe kwenye 2,340, yaani 250 baada ya 2,090 iliyopangwa. Nilikataa. Oili mpya imeanza kazi kwenye 2,142, basi mwisho wake ni 2,392.

Kuna kosa moja ambalo SOMA MITA hailioni. Mita ya zamani ikifa kwenye 3,310 na kuwekwa mpya inayoanza sifuri, MAXIFS inayosoma namba tupu ya mita itaendelea kushika 3,310. Usomaji unaingia kila siku, K iko chini, na G haisogei. Ukiona G imesimama huku tarehe za karatasi ya Saa zinasonga, angalia mita. Ndiyo maana G haisomi namba ya mlinzi iliyo safu ya C, bali safu ya D, ambayo ni C pamoja na kianzio: sifuri kwa mita ya kwanza, 3,310 kwa ya pili. Fundi naye lazima aandike jumla hiyo kwenye Sevisi. Akiandika namba ya mita tupu, sevisi yake haitahesabiwa kwa upande wa saa na IMEPITA iliyoletwa na saa itabaki palepale hata baada ya oili kumwagwa. Hilo angalau litaonekana siku hiyohiyo.