Dai, Shaka na Tuhuma: Uhakiki wa Waraka Mmoja wa Bima

Hivi karibuni tuliletewa barua pepe ya ndani ya kampuni moja ya bima ili tuirekebishe lugha. Barua hiyo yawaelekeza watumishi wa kitengo cha madai namna ya kuwasilisha ngazi ya juu dai lenye dalili za udanganyifu, bila ya kumtuhumu mteja wala kukiuka kanuni za kumtendea haki. Shabaha hiyo ni njema, lakini maneno yaliyoteuliwa yaipinga.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mpunga wa Bujonde, wilayani Kyela, ambako mvua za masika huleta mafuriko. Aeleza kuwa magunia yake 40 yaliloa ghalani tarehe 12 Aprili, lakini risiti ya ununuzi ina tarehe 14 Aprili. Kwa kufuata barua ile, mtumishi angeandika: "Mteja anadai alinunua mpunga. Tumebaini risiti ya uongo. Mtuhumiwa apandishwe."

Katika bima, "dai" ni ombi halali la kulipwa. Lakini "anadai kwamba" humdokezea msomaji kuwa maneno hayo hayasadikiki. "Ameeleza kwamba" lafaa zaidi. "Kubaini" ni kufikia ukweli baada ya uchunguzi, na hapa uchunguzi haujaanza. Ama "uongo" wahitaji nia. Yawezekana risiti ya kwanza ilioza majini, na muuzaji akaandika nyingine kwa tarehe ya siku aliyoombwa. Tena, "kupandisha" kwatukumbusha kizimbani, na anayepandishwa hapo ni mtu. Kinachopaswa kwenda juu ni jalada.

Twapendekeza taarifa ya ndani iwe hivi: "Mafuriko yameelezwa kutokea tarehe 12 Aprili, risiti ni ya tarehe 14 Aprili. Naomba dai lihakikiwe." Hapa mtumishi ametaja alichokiona, akaacha hukumu kwa mwenye mamlaka. Mteja naye aandikiwe: "Tafadhali tuletee uthibitisho wa tarehe uliyonunua mpunga, kama vile daftari la muuzaji. Dai lako linaendelea kushughulikiwa." Asidanganywe kuwa fedha zimechelewa benki, wala asiambiwe kuwa anashukiwa.

Tofauti hii si ya madoido. Mteja asiyeridhika aweza kufika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Endapo jalada litafunguliwa huko, neno "mtuhumiwa" lililoandikwa siku ya kwanza litaonyesha kuwa kampuni ilihukumu kabla ya kuuliza.

Hatusemi neno "udanganyifu" lifutwe. Uchunguzi ukithibitisha kuwa mteja alijua risiti si ya kweli, akaitumia ili alipwe, hilo ndilo jina lake. Kabla ya hapo, lililopo ni "dai lenye shaka", na shaka hiyo ni ya waraka, si ya mtu.