Plagi Inayofanya Kazi na Plagi Iliyofungwa Sawasawa

Birika la umeme lililofungwa plagi vibaya huchemsha maji vizuri tu. Kitaa chake huwaka, maji huanza kunguruma, na aliyeifunga plagi huona kazi imekwisha. Nimekaa sana na mafundi umeme, na ninachowaheshimia zaidi ni kwamba hawadanganywi na kitaa kile. Plagi ya pini tatu huvumilia makosa mengi huku ikiendelea kupitisha umeme, kwa hiyo ubora wake haupimwi kwa chombo kuwaka. Hupimwa kwa kile kitakachotokea siku waya utakapokatika, au chombo kitakapoharibika ndani, au mtoto atakapojikwaa kwenye kebo.

Plagi tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda, ambayo hata jamaa zetu wa Omani huikuta huko, ilibuniwa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliundwa kamati ya kufikiria umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya vita, na mwanamke pekee ndani yake alikuwa mhandisi Caroline Haslett. Kiwango cha plagi hiyo, BS 1363, kilitoka mwaka 1947, nasi tukakipokea kupitia utawala wa Waingereza. Waliokibuni walifikiria hitilafu kabla haijatokea. Pini ya ardhi ni ndefu kuliko nyingine, kwa hiyo hugusa kwanza na kuachia mwisho: chombo huwa kimekwisha kulindwa kabla umeme haujaingia. Pini hiyohiyo ndiyo inayofungua vifuniko vidogo vilivyoziba matundu mawili ya chini ya soketi. Mtu anayechomeka kalamu au bisibisi kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili ipite, anabomoa ulinzi huo kwa mkono wake.

Anayefunga plagi anaendeleza fikra hiyohiyo. Ukiondoa kifuniko na kuitazama kwa ndani, pini ya ardhi ikiwa juu, nyutro iko kushoto na waya wa moto uko kulia, penye fyuzi. Waya wa kahawia ndio wa moto, wa buluu ni nyutro, na wa kijani chenye mistari ya njano ni wa ardhi. Ukichanganyikiwa kushoto na kulia, shika hili: waya wa moto huenda kwenye fyuzi.

Fundi huchuna ganda la nje la kebo kiasi kwamba ganda hilo, si nyaya za ndani, ndilo linalobanwa na kibano pale kebo inapoingilia. Nyaya mbili huzikata kwa kipimo cha mahali pake, lakini wa ardhi huuachia urefu wa ziada. Urefu huo si uzembe. Siku kebo ikivutwa kwa nguvu hadi kibano kikaachia, waya wa moto utachomoka kwanza, na wa ardhi utakuwa wa mwisho kung'oka. Ncha za nyaya huchunwa milimita 6 hadi 8, nyuzi zikasokotwa pamoja, zikaingizwa zote kwenye tundu la skrubu, na ganda la waya likafika hadi mlangoni mwa tundu. Akishakaza, huvuta kila waya peke yake. Mwisho hutazama fyuzi: ya ampea 3 kwa chombo kidogo kama taa au redio, ya 13 kwa birika au pasi.

Kebo nyembamba ya milimita za mraba 0.75 ina nyuzi 24 za shaba, kila mmoja ukiwa na unene wa milimita 0.2. Uzi mmoja ukibaki nje ya tundu, huonekana kama unywele na watu huupuuza. Lakini nafasi ndani ya plagi ni finyu. Uzi wa waya wa moto ukigusa skrubu ya ardhi, mlipuko mdogo hutokea na fyuzi hukatika, ikiwa ardhi ya nyumba ni nzima. Nyumba isiyo na ardhi, na ziko nyingi, haina njia ya kuupeleka umeme huo. Hapo unywele uleule unaziwekea pasi na birika mwili wa moto, na fyuzi haishtuki hata kidogo. Tena, mchunaji wa haraka akikata nyuzi 10 kati ya 24, amekifanya chakula cha waya mzima kipite kwenye koo jembamba, na mahali hapo patapata joto.

Skrubu isiyokazwa ni mbaya zaidi kwa sababu hufanya madhara yake polepole. Chukua birika la wati 2000 kwenye umeme wa volti 230. Linavuta ampea 8.7. Tuseme mguso wa waya na skrubu umelegea hadi ukawa na ukinzani wa nusu omu, kiasi kidogo sana. Zidisha 8.7 kwa 8.7, kisha kwa nusu: unapata karibu wati 38 za joto ndani ya plagi, mahali padogo kuliko punje ya mahindi. Chuma cha kulehemu cha fundi redio kina nguvu kama hiyo. Na fyuzi je? Fyuzi ya 13 inaona ampea 8.7, haina sababu ya kukatika. Hata kikata umeme cha kisasa kinachonusa umeme unaovuja hakioni kitu, kwa kuwa hakuna kinachovuja. Joto hilo huioksidisha shaba, mguso huzidi kuwa mbaya, na joto huongezeka.

Ndiyo maana fundi mmoja mzee, mteja alipomletea birika akilalamika kwamba linakatakata, hakulifungua kabisa. Aliigeuza plagi, akamwonyesha doa la kahawia karibu na pini ya moto, akasema, "Mama, birika lako halina ugonjwa. Plagi ndiyo inaungua." Dalili ni hizo: doa, harufu ya plastiki iliyopikwa, mlio mdogo wa kuchachata, na plagi ambayo huwezi kuifumbata baada ya maji kuchemka. Plagi kuwa vuguvugu si ajabu. Kuwa moto si kawaida. Wako wanaozilowesha nyuzi kwa risasi ya kulehemu wakidhani wanaziimarisha. Risasi ni laini. Ikibanwa na skrubu hujisogeza kidogo kidogo, na baada ya muda skrubu iliyokazwa barabara inakuwa imelegea bila kuguswa na mtu.

Kosa la kuingiza waya kwenye tundu lisilo lake lina tabia nyingine: huumiza mbali na lilipo. Fikiria birika letu la wati 2000, ila aliyelifunga amebadilisha nyutro na ardhi. Nyumba inategemea fimbo ya ardhi iliyopigiliwa uani, na fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 20. Kipashamoto cha birika kina kama omu 26.5. Umeme unaingia kwa waya wa moto, unapita kipashamoto, kisha badala ya kurudi kwa nyutro unashuka kwenye waya wa ardhi kwenda ile fimbo. Volti 230 zinagawanywa kati ya omu 26.5 na omu 20. Kipashamoto kinapata kama volti 131, kwa hiyo maji yanachemka, ila yanachelewa. Volti 99 zilizobaki zinasimama kwenye mfumo wote wa ardhi wa nyumba. Kila chombo cha chuma kilichofungwa ardhi vizuri sasa kina volti hizo mwilini.

Mama wa nyumba anashika mlango wa friji akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, na friji linampiga shoti. Birika lenyewe, ambalo mwili wake sasa umeunganishwa na nyutro, halimfanyi kitu. Lawama zote zinaliendea friji. Wakati wa masika udongo ni mbichi, fimbo inapitisha vizuri, na volti zilizobaki ni chache. Kiangazi kinapokausha uani, ukinzani wa fimbo hupanda na shoti hukua. Familia itasema friji limechakaa, wakati kosa ni waya mbili ndani ya plagi ya chombo kingine. Nyumba yenye kile kikata umeme cha kunusa uvujaji ingelikamata kosa hilo mara birika linapowashwa, lakini watu wengi wakikiona kinakatakata hukilaumu chenyewe na kukiondoa.

Akibadilisha moto na ardhi, birika haliwaki kabisa, na mwili wake unabeba volti zote 230. Mwenye nalo analishika kwa mikono miwili kutafuta tatizo. Akibadilisha moto na nyutro, kila kitu kinawaka vizuri, lakini swichi ya chombo sasa inakata nyutro. Taa ya mezani yenye balbu ya skrubu, iliyozimwa kwa swichi yake, inabaki na umeme ndani, na ganda la chuma la kishikio linaweza kuwa la moto pale unapobadilisha balbu.

Kabla ya kurudisha plagi ukutani, fundi huchukua mita yake na kupima pini. Huwasha swichi ya birika, ingawa plagi haijachomekwa, kisha hugusa pini ya moto na ya nyutro: mita isome karibu omu 26. Pini ya ardhi na mwili wa chuma: isome chini ya omu 1. Pini ya moto na ya ardhi: isisome kitu. Plagi ya birika letu, iliyolisababishia friji lawama, ingejifichua hapo hapo, kwani omu 26 zingeonekana kati ya moto na ardhi, na kati ya moto na nyutro pasingekuwa na kitu.

Ila mita ina mwisho wake. Moto na nyutro zikibadilishana, namba zote tatu hutoka safi kabisa, kwa sababu kipashamoto hakijui umeme umeingilia upande gani. Kosa hilo huonekana kwa macho tu, kifuniko kikiwa wazi: kahawia penye fyuzi, buluu ng'ambo, kijani na njano juu kwa urefu wa ziada, bila uzi hata mmoja nje ya tundu. Kwa hiyo ukimpelekea fundi chombo chako, usiombe akiwashe ukaridhika. Mwombe akufungulie plagi uione, kisha akaze skrubu ya kifuniko mbele yako.